Uyoga mbichi unaliwa? Jinsi ya kupika uyoga mamama, na moto unatoa nini na nini hautoi

Mwangaluka wapendwa. Juzi wifi yangu kashuka na treni kutoka Dar, jioni nikaingia jikoni nikamkuta ameukata uyoga wangu mamama vipande vyembamba anauchanganya kwenye bakuli la kachumbari, mbichi kabisa, na ndimu kashakamulia. Nikamuuliza wifi hiyo unapika saa ngapi, akanambia mbona mjini wanakula hivihivi, nimeona kwenye video. Uyoga wenyewe ulikuwa umekaa siku mbili kwenye mfuko wa nailoni, nilikuwa nimeuacha nikijua utaenda jikoni kwenye moto mkali siku hiyohiyo. Alikula bakuli zima, mi sikugusa, saa nne usiku ananigongea mlango tumbo linamnyonga, akaenda chooni mara tano mpaka alfajiri. Kesho yake alikuwa mzima, lakini swali lake lilibaki palepale: wifi, kwani kuna nini ndani ya uyoga mbichi ambacho moto unakitoa? Nimemjibu kwa mdomo, na hapa naandika kwa urefu kwa sababu najua hajaanza yeye wala hataishia yeye.

Jibu fupi ni hili. Uyoga wa kufugwa kama mamama ukiula mbichi kidogo hautakuua, watu wengi hawatasikia kitu, ila haufai kuliwa mbichi na ukiula mwingi tumbo lina haki ya kulalamika. Uyoga wa porini usiule mbichi hata kipande cha kuonja. Na kuna uyoga ambao hata uuchemshe toka asubuhi mpaka jioni bado unaua, hapo moto hausaidii chochote. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: jua umeshika uyoga gani

Huku Tabora uyoga unaoingia jikoni ni wa aina tatu hivi. Kuna mamama, ule wa kufugwa kwenye vifuko vya mabua ya mpunga au maganda ya pamba, kofia kama sikio, rangi nyeupe ya maziwa au kijivu. Kuna wa porini, huo unauzwa mafungu barabara ya Sikonge na kwingineko masika ikianza, humo ndani kuna wa kichuguu na aina nyingine nyingi zinazoota chini ya miyombo na mitundu. Halafu kuna ule mdogo wa duara wa kopo unaouzwa supamaketi.

Kwanini nasema uanze hapo, ni kwa sababu kila mmoja una kitu chake ndani. Ule wa duara una kemikali yake ya asili inaitwa agaritini, wataalamu hawaipendi kwenye uyoga mbichi ingawa haijathibitishwa kwamba inaleta saratani kwa binadamu. Ukiuchemsha, ndani ya dakika tano kama nusu ya hiyo agaritini inahamia kwenye maji, na ukimwaga maji umeitoa. Ule wa kopo ulishapikwa kiwandani, kwa hiyo umebaki nayo kidogo tu, we mwaga maji ya kopo suuza endelea. Mamama hiyo agaritini sio shida yake.

Shida ya mamama mbichi ni nyingine. Una protini ambayo maabara wameona inatoboa chembe nyekundu za damu, ndio moja ya vitu ambavyo moto unavimaliza kabisa. Protini ni kama ute wa yai, ikipata moto inajikunja na kuganda, haiwezi tena kazi yake, na hii ya mamama inaanza kuharibika joto likipita nyuzi 60 hivi. Maji yanayochemka hapa kwetu, kwa vile tuko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, yanafika nyuzi 96 hivi, kwa hiyo yanatosha na yanazidi. Ndimu haifiki huko. Chumvi haifiki huko. Siki nayo vilevile, asidi inalainisha uyoga na kuubadilisha rangi ukadhani umeiva, kumbe ni mbichi uliolowa.

Kuna kisa cha kweli cha jambo hilihili, cha kule Montana Marekani mwaka 2023. Watu 51 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula mgahawani uyoga aina ya moreli, ambao ni uyoga mzuri tu unaoheshimika sana jikoni ukipikwa. Siku moja uliandaliwa mbichi kabisa, siku nyingine ukamwagiwa mchuzi wa moto juu ukaachwa ulowe. Waliokula ule wa mbichi kabisa ndio walioumwa zaidi. Nilimsomea wifi hicho kisa kwa sababu na yeye aliniuliza, je ningeumwagia maji ya moto kwanza? Kumwagia sio kupika, maji yanapoa yakigusa uyoga na katikati hapafikiwi.

Hatua ya pili: ukague na uusafishe

Chukua uyoga nusu kilo. Nusa. Mamama mzuri unanukia kama majani makavu yaliyolowa mvua, kwa mbali. Ukinusa harufu ya samaki au ya pombe iliyochacha, au ukiugusa unateleza kama bamia, tupa, usiseme moto utaua. Moto unaua bakteria ni kweli, lakini baadhi ya bakteria wanaacha sumu yao kwenye chakula na hiyo sumu haitoki kwa kupika. Hapo ndio kosa langu lilipokuwa, mfuko wa nailoni unafungia unyevu na joto, siku mbili za Tabora mwezi wa kumi zinatosha kuutengeneza shamba la bakteria. Uweke kwenye karatasi au kikapu chenye kitambaa, na upike siku hiyohiyo.

Kata kile kitako kigumu kilichoshikana na mabua, kitupe. Suuza kwa maji yanayotiririka haraka haraka, usiuloweke, kwa sababu unanyonya kama sponji na uyoga wenyewe tayari kwenye sehemu kumi, tisa ni maji.

Hatua ya tatu: uanike juani kidogo kabla ya kupika

Hii watu wengi wanairuka na mi naipenda sana. Uyoga una mafuta yake ya asili ambayo yakipigwa na jua yanageuka vitamini D, namna ileile ngozi yetu inavyofanya. Uliofugwa kwenye banda lenye giza unakuwa nayo kidogo mno. Uchane kwa mkono kufuata ile mistari ya chini ya kofia, vipande vya upana wa kidole, upange kwenye ungo ile mistari ikitazama juu, uweke juani kati ya saa nne na saa nane mchana kwa nusu saa mpaka saa nzima. Funika na chandarua kama kuna nzi. Vitamini hiyo ukishaipata inavumilia moto vizuri, haitapotea yote jikoni.

Lakini kuanika sio kupika, naomba hili lieleweke. Hata ule uliokaushwa kabisa ukauzwa kwa sado, unaloweka, halafu unapika kama kawaida.

Hatua ya nne: pika, na hapa ndio penyewe

Weka sufuria pana au kikaango kwenye mkaa uliokolea, bila mafuta, bila maji. Mimina uyoga wako, utandaze usirundikane, ukirundikana wa chini unaungua na wa juu unabaki mbichi. Usifunike. Dakika ya kwanza utaona kama hakuna kinachoendelea, uyoga unalia tu ukiugeuza, ule mlio wa raba. Dakika ya tatu au ya nne maji yanaanza kutoka yenyewe, na yanatoka mengi mpaka utashangaa, unaweza kudhani mtu kamwagia kikombe. Hicho ndicho unachotaka kuona. Maana yake joto limefika ndani, chembe zimepasuka na maji yameachia.

Sasa geuza geuza, nyunyiza chumvi kidogo, acha yale maji yachemke humohumo mpaka yakauke. Inachukua kama dakika nane mpaka kumi na mbili, inategemea mkaa wako. Kipindi chote hicho uyoga wako uko kwenye joto la kuchemka, kwa hiyo ile protini niliyosema imeshakwisha zamani. Sauti itakusaidia kujua: mwanzo ni ya kuchemka, mabruu mabruu, maji yakiisha inageuka kuwa ya kukaanga, inachachatika. Hapo ndio unatia mafuta vijiko viwili, kitunguu, nyanya, unaendelea dakika nyingine tano mpaka sita. Jumla toka unaweka mpaka unaepua ni kama robo saa na kidogo.

Utajuaje umeiva? Chukua kipande kinene kuliko vyote, mara nyingi ni cha shina, kikate katikati. Kikiwa na doa jeupe kavu kama chaki ndani bado, rudisha. Kikiwa na rangi moja mpaka katikati, kimelowa na kinatoa mvuke, kimeiva. Jambo la pili ni ujazo, nusu kilo yako itakuwa imenywea, sufuria lililokuwa limejaa sasa limebaki nusu au pungufu. Kama bado umejaa vilevile hujapika, umepasha.

Watu wengi wananiuliza mbona hata nikipika saa nzima hauwi laini kama mchicha. Hautakuwa, ndivyo ulivyo. Kuta zake zimejengwa na kitu kilekile kilichojenga ganda la panzi na kumbikumbi, kinaitwa kitini, na moto wa jikoni haukiyeyushi. Moto unapasua tu chembe ili vilivyomo ndani vitoke na tumbo livipate, ukuta wenyewe unabaki. Ndio maana uyoga uliopikwa vizuri kabisa bado unaweza kumjaza mtu gesi akila bakuli kubwa, na kuna watu pia sukari ya uyoga haiwakubali tumboni, hao hata upike vipi watasumbuka. Anza na vijiko viwili vitatu kwa mtu ambaye hajawahi kula, na watoto wadogo uwakatie vidogo watafune.

Kitu kingine kinachobadilika ni harufu na ladha. Ile harufu ya uyoga mbichi inatokea unapoukata, ikipata moto nyingi inaruka na mvuke. Badala yake inakuja ladha ya nyama nyama, ile inayofanya uyoga wa karanga ukae na ugali bila kuulizia mboga nyingine. Mi binafsi hiyo peke yake ingetosha nisiule mbichi.

Hatua ya tano: maji yake unamwaga au unabakiza?

Hapa inategemea. Mamama usimwage. Vitamini B zake zinayeyuka kwenye maji, potasiamu pia, na zile kinga za asili zake zinavumilia moto lakini zinahamia mchuzini. Ukikausha humohumo kama nilivyoelekeza vyote vinabaki kwenye chakula. Ukitaka mchuzi, usikaushe sana, tia karanga za kusaga kabla maji hayajaisha.

Wa porini ni tofauti. Kuna ile inayotoa maziwa ukiivunja na mingine inawasha ulimi, bibi zetu waliichemsha kwanza, wakamwaga maji, ndipo wakaunga. Walikuwa sahihi, vitu vingi vinavyowasha na kuchafua tumbo kwenye uyoga huo vinatoka na maji au vinaharibiwa na moto. Kwa hiyo uyoga wa porini ambao unaujua na wenyeji wanaula, chemsha dakika kama kumi na tano kwenye maji mengi, mwaga, suuza, ndio uanze kuunga na karanga. Utapoteza vitamini kidogo, ni bei ndogo.

Hatua ya sita: pale ambapo moto hauwezi

Hapa naomba usome polepole. Hayo niliyosema ya kuchemsha na kumwaga yasikupe ujasiri wa kupika uyoga usioujua. Kuna uyoga wa porini wenye sumu inayoitwa amatoksini, na sumu hiyo moto haiigusi, kuchemsha haiishi, kukausha haiishi, kuweka friza haiishi. Unaliwa ukiwa umeiva vizuri na ni mtamu.

Ubaya wake ni kwamba hauumi haraka. Mtu anakula chakula cha jioni, analala salama, kutapika na kuhara kunaanza baada ya masaa sita mpaka hata ishirini na nne, kunakuwa kukali kama kipindupindu. Siku ya pili anaona nafuu, familia inashukuru Mungu, kumbe ini ndio linaharibika, siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano na hali inageuka. Kwa hiyo kipimo chako ni saa. Tumbo kama la wifi, lililoanza masaa machache baada ya kula na likaisha kesho yake, mara nyingi ni kuchafuka tu. Lililoanza baada ya masaa sita au zaidi na uyoga ulikuwa wa porini, usisubiri nafuu, nenda hospitali saa hiyohiyo, iwe Kitete hapa Tabora au kituo kilicho karibu, na ubebe mabaki ya uyoga mbichi yakiwa kwenye karatasi. Wote waliokula sahani hiyo waende, hata ambao hawajaanza kuumwa.

Na yale majaribio ya mtaani hayapimi kitu. Kuweka kitunguu swaumu au sarafu kwenye sufuria uone kama inageuka rangi, haipimi amatoksini. Kusema umeliwa na funza au nyani kwa hiyo salama, hapana, funza wanakula uyoga unaoua binadamu bila shida yoyote.

Kuna mmoja unaochanganywa sana na wa kichuguu, unaota kwenye nyasi fupi, viwanja vya mpira na mbele ya nyumba, mweupe mkubwa wenye magamba ya kahawia juu na pete shingoni. Huo hauna amatoksini ila unatapisha vibaya ndani ya saa moja mpaka tatu. Ukikomaa ile mistari ya chini inageuka kijani kijivu. Ukiushuku kata kofia moja iliyofunguka, iweke kwenye karatasi nyeupe mistari ikitazama chini, funika na bakuli uache usiku kucha. Asubuhi ukikuta vumbi la kijani, tupa wote. Vumbi lisipokuwa la kijani haina maana ni salama, maana yake ni kwamba sio huo tu. Wa kichuguu wenyewe, ukiuchimba taratibu bila kuukata juu, utaona shina linaendelea chini refu kama mzizi kwenda kwenye kichuguu.

Uyoga mchanga uliojifunga kama yai au kifungo usiununue kabisa kama huujui muuzaji, kwa sababu bado haujaonyesha pete, rangi wala kikombe cha chini, na vyote hivyo ndivyo mtu anavyotofautishia.

Hatua ya saba: kachumbari ya uyoga aliyoitaka wifi

Maana hakukata tamaa, na mi sikutaka akatae uyoga kwa sababu ya usiku mmoja. Tulichukua robo kilo ya mamama uliochumwa asubuhi hiyo, tukauchana, tukaupika mkavu kama hatua ya nne, dakika kumi na mbili, maji yakakauka na kingo zikaanza kuwa za kahawia. Hatukutia mafuta. Tukautandaza kwenye sahani safi ukapoa kama dakika ishirini, tusiuchanganye ukiwa wa moto ukafanya nyanya ziwe maji. Pembeni tukakata nyanya tatu, kitunguu kimoja kilichooshwa na chumvi, pilipili moja, majani ya giligilani, halafu uyoga ukaingia, ndimu moja ikakamuliwa mwishoni. Uyoga uliopikwa unanywa ndimu kuliko ule mbichi, kwa hiyo onja kabla hujaongeza. Ukibaki, weka kwenye friji na uumalize kesho yake, huku kwetu ukilala mezani usiku mzima asubuhi unamwaga.

Wifi kala na ugali wa mhogo, akaniomba vifuko vinne vya mbegu arudi navyo Dar.